Paspoti ina jina moja tu: namna ya kukata tiketi na kujaza fomu ya viza

Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni na kuwakatia tiketi, na swali linalonirudia kila baada ya wiki chache ni hili: "dada, paspoti ya mume wangu ina jina moja tu, alafu tiketi inadai jina la kwanza na jina la mwisho, sasa niandike nini?" Nimeamua niliandike lote hapa mara moja.

Sisi huku tumezoea majina matatu, lako, la baba na la babu, kwaiyo mtu mzima mwenye jina moja anatushangaza. Ila kuna nchi ni jambo la kawaida kabisa. Indonesia ndio mfano mkubwa, hata marais wao wawili wa mwanzo, Sukarno na Suharto, walikuwa na jina moja moja. Mwaka 2022 serikali yao ilitoa kanuni kwamba jina jipya linalosajiliwa liwe na maneno yasiyopungua mawili, lakini waliokwishasajiliwa zamani wamebaki na majina yao. India ya kusini nao wapo wengi ambao kwenye paspoti sehemu ya jina la ukoo ni tupu. Huku kwetu wanakuja kwa ndoa na kwa kazi, wanaishi nasi miaka, na siku ya kusafiri ndio tatizo linaonekana.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni wa wifi yangu, mke wa kaka, Muindonesia. Paspoti yake ina jina moja, hapa tumwite Haryati, sio jina lake la kweli.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

Paspoti yenyewe mkononi, au skani ya ukurasa wa picha ikiwa nzima. Picha ya wasap iliyokatwa chini haifai, manake ile mistari miwili ya chini kabisa ndio tunayoihitaji kuliko kitu kingine chochote. Uwe na viza au kibali cha ukaazi chochote alichonacho, kadi yake ya homa ya manjano, na namba ya simu ya kampuni ya ndege yenyewe, sio ya ajenti peke yake. Na uwe na muda. Ukija kwangu Alhamisi na safari Jumamosi nitakusaidia ila tutahangaika sana, nipe wiki tatu.

Hatua

1. Soma mistari ya chini ya paspoti, usisome juu tu. Ukurasa wa picha una mistari miwili chini, kila mmoja una alama 44, herufi na tarakimu na vile vimishale `<`. Mashine ya uwanjani inasoma hapo, haisomi yale maandishi mazuri ya juu. Mtu wa kwetu mwenye majina matatu mstari wake wa kwanza unakuwa hivi:

```
P<TZABAKARI<<MWANAHAMISI<JUMA<<<<<<<<<<<<<<<
```

Herufi tatu baada ya `P<` ni nchi, alafu linakuja jina la ukoo, alafu vimishale viwili, alafu majina mengine. Vile vimishale viwili ndio ukuta kati ya jina la ukoo na majina mengine, kimishale kimoja ni nafasi tu. Sasa angalia wa wifi:

```
P<IDNHARYATI<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Baada ya HARYATI ni vimishale mpaka mwisho, hakuna kingine. Utaratibu huu ni wa kimataifa, umewekwa na ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, kwenye hati yao namba 9303, na wanasema mtu akiwa na jina moja basi hilo ndilo linakaa nafasi ya jina kuu, ile nafasi ya ukoo. Kwaiyo hata kama wewe unajua moyoni kwamba Haryati ni jina lake la kuitwa, kwa mashine Haryati ni `Surname` na `Given names` ni tupu. Hilo liandike pembeni kwenye karatasi, kila kitu kinachofuata kinaanzia hapo. Na usiliamini tu kwa sababu nimesema mimi, fungua paspoti uangalie kwa macho yako, hasa ile ambayo juu imeandika jina kwenye `Given names` na ikaacha `Surname` wazi. Hapo juu na chini vinaweza kukuonyesha vitu viwili tofauti, na cha chini ndicho cha kufuata unapokata tiketi.

2. Angalia nchi anayoingia kabla hujagusa tiketi. Hapa ndio watu wanapoteza hela. Falme za Kiarabu, yani Dubai na Abu Dhabi na wenzake, walitoa agizo lililoanza kutumika 21 Novemba 2022 kwamba mwenye jina moja kwenye paspoti haruhusiwi kuingia kwa viza ya kutembea. Mashirika ya ndege ya India yaliwatangazia maajenti wao siku zilezile, ndio maana Wahindi wanalijua vizuri kuliko sisi. Baadaye kukatoka ufafanuzi kwamba kama ukurasa wa pili wa paspoti umeandikwa jina la baba au la ukoo basi anakubaliwa, na wenye kibali cha ukaazi wa kule agizo haliwahusu, ila tiketi yao irudie jina lilelile sehemu zote mbili.

Wifi na kaka walikuwa wamepanga kwenda Jakarta na njiani walale Dubai siku tatu, wamnunulie mtoto nguo. Ajenti wa kwanza waliyemwendea aliwaambia hakuna shida. Nilipoichukua paspoti nikapekua, jina la baba halipo popote, nikawaambia Dubai muiache, tukatafuta njia inayobadilishia ndege Doha bila kutoka nje ya uwanja. Kaka alinuna kidogo. Lakini ingekuwa wanafika kaunta pale Dar ndio wanaambiwa, tiketi ingekufa na safari ya Jakarta nayo ingekufa, kwa sababu ukikosa kipande cha kwanza cha safari mfumo unafuta na vilivyobaki.

3. Ipigie kampuni ya ndege uulize swali moja tu. Swali lenyewe: "abiria ana jina moja kwenye paspoti, nyinyi mnataka safu ya jina la kwanza iandikweje?" Usiulize "itakuwa sawa?", watakujibu ndio, alafu huna cha kushika. Majibu yapo ya aina tatu hivi, na kila kampuni ina lake:

Kuna wanaotaka `FNU`, ni kifupisho cha maneno ya kizungu yenye maana kwamba jina la kwanza halijulikani. Tiketi inakuwa `HARYATI/FNU MS`.

Kuna wanaotaka jina lirudiwe, `HARYATI/HARYATI MS`.

Na kuna wanaotaka cheo kikae mahali pa jina, `HARYATI/MS`, yani ule ubibi au ubwana ndio unajaza safu.

Zote tatu ni sahihi, ila ni sahihi kwa kampuni iliyokwambia. Jibu la kampuni moja usilipeleke kwa nyingine. Muombe uliyeongea naye akutumie kwa imeli au aandike maelezo kwenye bukingi, uchukue jina lake na tarehe. Kama safari ina ndege za kampuni mbili kwenye tiketi moja, muulize mwenye tiketi. Utamjua kwa tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi, ile yenye tarakimu 13: ikianza na 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar. Huyo ndiye mwenye uwezo wa kurekebisha jina, yule mwingine atakwambia tu rudi ulikonunua. Kwa vile namba inatoka baada ya kulipa, kabla ya kulipa muulize ajenti tiketi inatolewa kwa karatasi za nani, atakuelewa.

4. Kata tiketi, na kabla ya kulipa soma jina herufi kwa herufi. Tovuti za kukatia tiketi nyingi zinakataa safu tupu, na zinakataa nukta na kistari, zinataka herufi. Weka ulichoambiwa hatua ya 3, basi. Kama unakata kwa ajenti, mwambie akuonyeshe mstari wa jina kwenye skrini yake. Mfumo wa Amadeus wanaotumia maajenti wengi, mstari unaandikwa hivi:

```
NM1HARYATI/FNU MS
```

Kabla ya mkwaju ni ukoo, baada ya mkwaju ni jina la kwanza na cheo. Ukiona kimegeuzwa, `FNU/HARYATI`, msimamishe hapohapo, kwa mashine huyo sasa ni mtu wa ukoo wa FNU.

Kitu kingine kinachowatisha watu: tiketi ikishatoka, cheo kinagandana na jina, unasoma `HARYATI/FNUMS`. Hiyo ni kawaida, ni namna mfumo unavyochapa, hata mimi tiketi yangu inaonyesha jina langu limeshikana na MS. Usiende kulipia marekebisho ya kitu ambacho hakijakosewa.

5. Fomu ya viza ifuate nchi, sio tiketi. Hapa wengi wanachanganya, wanadhani kwa vile tiketi ina FNU basi kila fomu iwe na FNU. Kila nchi ina maelekezo yake na yameandikwa palepale kwenye fomu, ni kwamba watu hawabonyezi kile kialama cha kuuliza.

Marekani, kwenye fomu yao ya `DS-160`, wanasema jina likiwa moja liandike kwenye `Surnames`, alafu `Given Names` uandike `FNU`. Viza ikitoka itakuwa na hiyo FNU imechapwa, na sio kosa.

Kanada wao wanataka jina likae kwenye safu ya jina la ukoo na safu ya pili iachwe tupu kabisa. Ukiwaandikia FNU umewapa jina ambalo halipo kwenye paspoti.

Kwengine angalia nyota nyekundu. Safu yenye nyota ni ya lazima, isiyo na nyota unaweza kuiacha. Zipo fomu zina kisanduku cha kuweka tiki kusema sina majina ya aina zote mbili, ukikiona kitumie, kimewekwa kwa ajili ya mtu kama huyu. Na kama kuna sehemu ya maelezo ya ziada mwishoni, andika sentensi moja fupi kwamba paspoti inaonyesha jina moja tu na hakuna jina lililofupishwa wala kufichwa.

6. Panga karatasi zote mezani uzilinganishe. Tiketi, viza, kadi ya manjano, paspoti. Jina HARYATI liwe limeandikwa vilevile kila mahali, H kwa H, I kwa I. FNU inaweza kuwepo hapa na isiwepo pale, hiyo inaelezeka, lakini Haryati na Hariyati ni watu wawili. Kadi ya homa ya manjano iangalie sana, manake muuguzi wetu amezoea kuuliza majina matatu, na wifi alipochanjwa aliandikiwa jina lake, la mume na la baba mkwe, kwa nia njema kabisa. Tuliirudisha ikaandikwa upya jina moja kama paspoti. Ukikaa kumsubiri muuguzi, mwambie mapema.

7. Siku ya safari usitegemee simu. Kujisajili kwa simu kunaweza kugoma, kwa sababu mfumo unasoma mstari wa chini unakuta jina la kwanza ni tupu, na tiketi ina FNU, haviendani, unakwambia nenda kaunta. Sio kwamba amezuiwa. Kwa mtu wa Tanga maana yake ni moja: usipande basi la alfajiri pale Kange kwa ndege ya mchana uleule. Nenda Dar siku moja kabla, lala kwa ndugu, fika uwanjani masaa manne kabla. Kaunta ikifunguliwa uwe mtu wa mwanzo mwanzo, ili kama mhudumu anahitaji kumuita msimamizi wake awe na nafasi ya kumuita.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubwa kuliko yote ni kumpa mtu jina la mume. Yule ajenti wa kwanza, ambaye simtaji, alimwandikia wifi jina la ukoo la kaka yangu, akaona ni adabu, mke si wa fulani? Lakini paspoti haina hilo jina, na ajenti hana mamlaka ya kumuongezea mtu jina. Bahati ilikuwa bukingi tu haijalipiwa, tukaifuta. Nimeona pia wanaomwandikia mtu jina la baba lililopo kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hakisafiri, kinachosafiri ni paspoti.

La pili ni kulikata jina moja vipande viwili ili safu zijae, `YATI/HAR`. Nilishaletewa tiketi ya hivyo na mzee mmoja akiwa amekata tamaa, na kampuni ikataka tiketi inunuliwe upya kwa sababu kwao hilo sio kosa la herufi, ni abiria mwingine.

La tatu ni kuandika `NA` au `NONE` au `NIL`. Wewe unamaanisha hakuna, mfumo unaelewa anaitwa Na. Kama kampuni haijakwambia uandike hivyo, usiandike.

Ikikwama

*Tiketi imeshalipiwa na jina limekosewa.* Piga simu leo, usingoje. Usijisajili mtandaoni kwanza, ukishajisajili marekebisho yanakuwa magumu zaidi. Omba "marekebisho ya jina", usiseme "kubadilisha jina", manake kubadilisha kwa wengi wao ni kumpa tiketi mtu mwingine na hairuhusiwi. Watumie skani ya ukurasa wa picha wenye mistari ya chini na uwaonyeshe kwamba ni mtu yuleyule, tarehe ya kuzaliwa ileile, namba ya paspoti ileile. Kama ulinunua kupitia ajenti, kampuni itakurudisha kwake, kwaiyo anza naye ila ipigie na kampuni ijue.

*Tovuti inagoma kila unachoandika.* Acha tovuti. Tovuti za watu wa kati zinazouza tiketi za kampuni zote ndio zinagoma zaidi, nenda tovuti ya kampuni yenyewe au ofisi yao, mhudumu ana skrini inayokubali.

*Mhudumu wa kaunta anasema jina halilingani.* Mfungulie paspoti, mwonyeshe kwa kidole mstari wa chini, alafu mwonyeshe ile imeli ya hatua ya 3. Ongea pole pole. Muombe aangalie maelezo ya bukingi. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa wifi: binti wa kaunta alikunja uso, akamwita mwenzake, mwenzake akasoma maelezo kwenye skrini, akaandika taarifa za paspoti kwa mkono badala ya kuskani, dakika kama kumi na tano wakapewa kadi za kupandia, mpaka ya Jakarta.

*Kila safari ni hivi, tumechoka.* Basi suluhisho ni kwenye paspoti yenyewe na linatoka kwa nchi yake, sio hapa. Muindonesia anaenda ubalozi wao Dar es Salaam, aulizie kuongezewa jina, wao wana utaratibu wa kuliandika kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya paspoti, ulikuwa unatumika sana kwa wanaokwenda umra. Ila jua kwamba maandishi ya ukurasa wa ndani hayabadilishi ule mstari wa chini, kwa hiyo tiketi bado inakatwa kwa kuanzia hatua ya 1. Muhindi anaomba paspoti mpya ambayo jina limegawanywa, la ukoo na la kuitwa, kupitia ubalozi mdogo wao Zanzibar au ubalozi mkubwa Dar. Akishabadilisha, viza na vibali vya zamani vyenye jina moja navyo vibadilishwe, na paspoti ya zamani asiitupe, aibebe pamoja na mpya mpaka karatasi zote zihamie jina jipya.

Wenye watoto niwaongezee hili: mtoto wa kaka ana paspoti ya Tanzania yenye majina matatu, na hakuna hata moja linalofanana na la mama yake. Uhamiaji waliuliza mtoto ni wa nani. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi lililokwishaingia kwenye ndege, kikatolewa wakapita.